Mama Furaha wawili: tafakari ya staji yangu ya kwanza, Bukavu

Natumia mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988, njia ya kutafakari tukio hatua kwa hatua.

Tukio. Wiki ya pili, wodi ya akina mama. Nilibeba kapsuli ya amoksisilini ya miligramu 500, nikauliza kitandani: "Wewe ndiye Mama Furaha?" Akaitikia kwa kichwa, akameza. Kitanda cha pili yake, mama mwingine akasema taratibu: "Muganga, Mama Furaha ni miye." Wote wawili walikuwa na binti Furaha.

Hisia. Mikono ilitetemeka, kikombe cha maji kikamwagika. Niliogopa kufukuzwa, kisha nikaona aibu kwamba nilijifikiria mimi kwanza.

Tathmini. Nilimwambia muuguzi msimamizi papo hapo. Aliuliza kuhusu mzio, akamwita daktari, tukampima mgonjwa mara kwa mara hadi jioni. Hakudhurika. Nilimweleza ukweli na kumwomba radhi.

Uchambuzi. Kosa lilikuwa ndani ya swali lenyewe. Kwetu mgonjwa hampingi mwenye blauzi nyeupe, basi swali la ndiyo au hapana huzaa ndiyo. Tena jina la heshima, la kuitwa kwa mtoto, si kitambulisho. Fishi ya mgonjwa, karatasi yenye majina yake, ilikuwa mezani, hatua 5 tu, na sikuibeba.

Funzo na mpango. Sasa nauliza: "Majina yako kamili ni nani? Ulizaliwa lini?" Nalinganisha na fishi mkononi kabla ya kufungua dawa. Nimemwomba msimamizi anisimamie katika mizunguko 10 ijayo ya dawa.