Madai ya kuongezewa siku 35: kazi ya umeme, jengo la ofisi ghorofa tano, Dodoma

21 Julai 2025

Kwa Mhandisi Msimamizi wa mradi
Nakala: Mwajiri

Mhandisi, habari za kazi.

Hii ndo barua yetu ya mwisho ya madai ya muda. Notisi tulileta 2 Juni, madai ya awali tukaleta 4 Julai, zote unazo na dispachi yako imesainiwa, kwa hiyo zile siku 28 za kutoa notisi na 42 za kuleta maelezo kwenye kifungu 20.1 hatujazivuka. Mkataba wetu ni kile Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999 na tunadai kwa kifungu 8.4(a) na (e), yaani kazi ilibadilishwa, halafu tukacheleweshwa na upande wa mwajiri.

Stori yenyewe unaijua ila naiandika ikae kwenye faili. Tarehe 28 Aprili tulipokea maelekezo yako kwamba mwajiri anataka eyakondishena vyumba vyote vya ghorofa ya tatu na ya nne. Sisi hatukubisha, mwenye jengo ni yeye. Lakini lodi ikapanda kutoka kilowati 180 mpaka 260, na hapo breka kuu ya ampia 400 haitoshi tena, inatakiwa ya 630, kebo kuu inatoka milimita mraba 185 kwenda 300, na paneli kuu nzima inachorwa upya. Michoro mipya na hesabu za lodi tulikukabidhi 12 Mei. Masharti maalumu ya mkataba yanakupa siku 14 kujibu, kwa hiyo tulitegemea jibu 26 Mei.

Jibu limekuja 8 Julai, kesho yake baada ya Sabasaba. Siku 43 zaidi. Na michoro imerudi na mhuri wa kukubaliwa bila hata alama moja ya kalamu nyekundu, kitu ambacho kusema kweli kimetuuma kidogo. Katikati hapo tumekumbusha mara tatu kwa barua (5, 16 na 27 Juni), na kwenye grupu la wosapu la saiti tukawa tunajibiwa "subirini mwajiri anapitia bei". Sawa, apitie, ila hizo siku haziwezi kuwa za kwetu.

Najua utauliza mbona mafundi walikuwepo saiti muda wote huo, sasa mlisimama wapi? Ni kweli walikuwepo, walikuwa wanavuta waya za taa ghorofa ya kwanza na ya pili maana huko mabadiliko hayakugusa, na hatudai hata saa moja ya huko. Kilichosimama ni paneli kuu, na ndo inayobeba tarehe ya mwisho. Hakuna mtengenezaji anayekata bati kabla hajajua breka ni ya ampia ngapi. Kwenye programu uliyoipitisha tulikuwa tuagize 27 Mei, paneli inachukua wiki nane, ifike 22 Julai, halafu zinabaki siku 70 za kufunga, kuvuta kebo kuu, kupima na kuwaita TANESCO waje kuunganisha, tunakabidhi 30 Septemba. Tumeagiza 9 Julai, siku moja tu baada ya kupata michoro. Wiki nane zinaishia 3 Septemba, weka siku 70 zilezile, unafika 12 Novemba.

Ila hatuombi mpaka 12 Novemba. Kuanzia 10 hadi 17 Juni trankingi zetu zilichelewa kufika, hilo kosa ni letu na liko kwenye dayari ya saiti kwa hiyo hakuna haja ya kulificha, hizo siku 8 tunazibeba wenyewe na tutazifidia kwa kupiga kazi Jumapili. 43 toa 8 zinabaki 35. Tunaomba tarehe mpya ya kumaliza iwe 4 Novemba 2025, na faini ya kuchelewa isianze kuhesabiwa kabla ya hapo.

Gharama (msimamizi, mlinzi, kodi ya stoo) tulishazitaja kwenye notisi, mchanganuo wake tutauleta peke yake kabla ya 5 Agosti ili hili la muda lisikwame kwa sababu ya hela.

Tumeambatanisha maelekezo yako ya 28 Aprili, dispachi ya 12 Mei, zile barua tatu, michoro yenye mhuri, oda ya paneli, kurasa za dayari za Juni na programu ya zamani na mpya.

Mkataba unakupa siku 42 kujibu. Tunaomba usizimalize zote mzee, maana mtu wa paneli anataka malipo ya pili katikati ya Agosti na benki haitaongeza muda wa dhamana bila kuona tarehe mpya. Ukitaka tukae na programu mezani, Alhamisi baada ya kikao cha saiti tutakuwepo.

Wako katika kazi,

Mkurugenzi
Mkandarasi wa Umeme