Ombi la takwimu za wagonjwa wa moyo zisizo na utambulisho

12 Mei 2025

Kwa: Afisa Kumbukumbu za Tiba
Kutoka: Mchambuzi wa Takwimu, Kitengo cha Utafiti wa Huduma

YAH: OMBI LA TAKWIMU ZA KULAZWA TENA KWA WAGONJWA WA MOYO

Ndugu Afisa,

Husika na somo hapo juu.

Naomba takwimu za watu wazima waliolazwa kwa tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi (misimbo I50 na I11.0 ya ICD-10) kuanzia 1 Januari 2022 hadi 31 Desemba 2024. Lengo ni kujua ni wangapi hurudishwa wodini ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa, na iwapo waliopangiwa kliniki mapema hurudi kwa uchache kuliko wengine. Mganga mfawidhi ameshasema angependa kuliona jibu kabla ya kupanga upya ratiba ya kliniki. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, pamoja na mpango wa uchambuzi, nimeviambatisha.

Ninachohitaji ni faili moja lenye mstari mmoja kwa kila kulazwa, na safu hizi tu:

```
namba_utafiti,jinsi,kundi_umri,robo_mwaka,
siku_tangu_kulazwa_kwanza,siku_wodini,
msimbo_icd10,hali_kutoka,siku_hadi_kliniki
```

Safu ya `hali_kutoka` ndiyo nisiyoweza kuikosa. Aliyefia wodini hawezi kulazwa tena, na nikimhesabu pamoja na walioruhusiwa, wodi itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Vivyo hivyo kwa waliohamishiwa hospitali nyingine. Waliorudi kulazwa kwingineko hawatakuwamo katika majalada yenu, na jambo hilo nitaliandika wazi kwenye ripoti.

Sihitaji majina, namba za majalada, simu, anwani, namba za bima wala maelezo ya daktari. Maelezo ya daktari ni ya kuogopwa kuliko mengine, kwa sababu jina la ndugu au la mwajiri huweza kujificha katikati ya sentensi na asilione hata mhakiki makini.

Tarehe ya kuzaliwa pia sitaki. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kuwa, kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1990, takriban asilimia 87 ya watu wa nchi ile wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsi na msimbo wa posta peke yake. Ndiyo maana naomba umri kwa makundi ya miaka mitano, wenye miaka 80 na zaidi wakiwekwa kundi moja, na badala ya tarehe kamili naomba idadi ya siku tangu mgonjwa alipolazwa mara ya kwanza katika kipindi hiki.

Kuhusu `namba_utafiti`, naomba itolewe kwa kubahatisha, isitokane na namba ya jalada kwa njia yoyote. Namba ya tarakimu sita ina uwezekano milioni moja tu. Hata ikipitishwa kwenye MD5, kompyuta ya kawaida huweza kuijaribu yote kwa muda mfupi. Orodha inayooanisha namba hizo na majalada ibaki kwenu, nami nisiione. Tukishamaliza kuhakiki faili, naomba iharibiwe, kwani maadamu ipo, hatuwezi kusema kwa haki kwamba utambulisho umeondolewa.

Kwa upande wangu, faili litapokelewa likiwa limesimbwa kwa AES-256, na nywila ipitie njia tofauti na faili lenyewe. Litasomwa nami na msimamizi wangu tu, kwenye kompyuta ya ofisi, bila kuwekwa kwenye kiendeshi cha mfukoni wala barua pepe. Sitaliunganisha na takwimu nyingine wala kujaribu kumtambua mgonjwa yeyote. Nikigundua kuwa mtu anaweza kutambulika, nitasimamisha kazi na kukujulisha siku hiyohiyo. Katika ripoti, kundi lenye wagonjwa chini ya watano halitaonyeshwa, na jumla zitapangwa ili namba iliyofichwa isipatikane kwa kutoa. Faili litafutwa ifikapo 31 Mei 2026, nami nitakuletea uthibitisho wa maandishi.

Najua kazi ya kuchambua majalada huangukia mikononi mwa watu wale wale wanaohudumia dirisha kila siku. Ikiwa `siku_hadi_kliniki` haimo kwenye mfumo na ingebidi mfungue majalada ya karatasi, iacheni kwanza. Nitaanza na safu nyingine. Ningependelea tuanze na mistari 20 ya majaribio, uipitie wewe kwanza, kisha tukubaliane kuhusu faili zima.

Ripoti itakufikia kabla ya mtu mwingine yeyote nje ya kitengo chetu, ili uangalie kama kuna jambo linaloweza kumfichua mgonjwa. Ninaweza kufika ofisini kwako Jumanne au Alhamisi mchana, kadiri itakavyokufaa.

Wako katika kazi,

Mchambuzi wa Takwimu
Kitengo cha Utafiti wa Huduma

Viambatisho: kibali cha kamati ya maadili, mpango wa uchambuzi, hati ya kutunza siri iliyosainiwa na wasomaji wote wawili

Nakala: Mganga Mfawidhi