Dokezo la Mfasiri: Versta

Tangu sura ya kwanza utakutana na versta, na nimeiacha kwa makusudi. Ni kipimo cha njia cha Urusi ya kale: sawa na sazheni 500, kipimo kingine cha urefu cha huko, yaani takriban kilomita 1.07. Kilomita ingekaribia, lakini amri ya kuhamia vipimo vya meta ilitoka 1918, na riwaya hii ni ya miaka ya 1840. Maili ingerefusha kila safari kwa nusu nzima. Kubwa zaidi, versta ni pia nguzo yenye mistari kando ya barabara: abiria anapohesabu versta, macho yake yako kwenye nguzo. Hata malipo ya farasi wa posta yalikokotolewa kwa versta, farasi mmoja mmoja. Tamka ukikaza silabi ya mwisho. Umoja na wingi haubadiliki.