Kuhusu kazi za nyumbani
Mpenzi, nimeona nikuandikie maana tukianza kuongea usiku wote tumechoka tunaishia kununiana tu. Ukweli nimechoka, na si kuchoka kwa mwili peke yake. Wote tunatoka kazini jioni, ila mimi nikifika naingia jikoni, vyombo, nguo za watoto, homuweki, we unakaa na simu, halafu jana ukaniuliza mbona shati halijapigwa pasi. Liliniuma sana lile swali. Sikumbuki mara ya mwisho umeniambia hata asante, na najua hufanyi makusudi, umezoea tu kuona nyumba iko safi kama vile inajisafisha yenyewe.

Naomba tugawane. Nikipika, we uoshe vyombo na kuwaogesha watoto. Nguo tufue wote Jumamosi, pasi kila mtu ya kwake. Na usisubiri nikutume bana, kukumbuka kila kitu nayo ni kazi, tena ndo inayonichosha zaidi. Kama kuna unachoona hukiwezi sema, tutabadilishana. Leo watoto wakilala tuongee kidogo, simu tuweke pembeni, sawa?