Barua kwa Wageni wa Safari ya Julai: Hali ya Hewa na Vitu vya Kubeba

Arusha, 20 Juni 2025

Ndugu wageni wetu kutoka Unguja,

Assalamu alaykum. Nawaandikia kuhusu hali ya hewa mtakayoikuta kwenye safari yetu ya tarehe 12 hadi 17 Julai, kwa kuwa baridi ya huku hailingani na ile mnayoiita baridi pwani wakati wa kusi.

Julai ni katikati ya kipupwe. Mvua za masika zitakuwa zimekwisha, ingawa Arusha mjini asubuhi hukaa na mawingu na pengine manyunyu mepesi. Tarangire na Serengeti mchana kuna jua kavu la nyuzi 25 hivi, nanyi mtavaa fulana tu. Jua likishazama, joto hushuka upesi.

Ngorongoro ndiko ninakosisitiza. Tutalala ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na alfajiri ukungu huwa mzito kiasi kwamba dereva huendesha taratibu akiwa amewasha taa. Mwaka jana mgeni wangu mmoja alifika huko na kandambili na shati la mikono mifupi, akashuka kreta amejifunika blanketi la hoteli, na simba tulipowapata hakutaka kutoa mkono nje apige picha.

Kwa hiyo kila mmoja achukue sweta zito, koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu, soksi nene na viatu vya kufunika mguu. Vaeni nguo juu ya nguo, ili mzipunguze kadiri jua linavyopanda. Koti moja kubwa peke yake litawasumbua, maana saa nne asubuhi litakuwa mzigo. Paa la gari likifunguliwa, upepo hupenya hata palipo na jua.

Ukavu nao una adha zake. Vumbi la barabarani huingia kila mahali, hivyo kanga au kikoi cha kujifunika pua ni bora kuliko barakoa, na mafuta ya mgando yatawaokoa midomo isipasuke. Msisahau miwani ya jua na dawa zenu za kila siku.

Epukeni nguo nyeusi na za buluu iliyokoza, kwani huvutia mbung'o, ambao Tarangire wanauma kwelikweli. Nguo zenye mabaka ya kijeshi haziruhusiwi kwa raia, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Tafadhali fungasheni katika begi laini, si sanduku gumu, kwa sababu nafasi ya nyuma ya gari ni ndogo. Mwenye pumu au maumivu ya viungo anijulishe kabla ya tarehe 5 Julai, nimwombee hoteli blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto ya kuweka kitandani.

Wenu katika huduma,
Kiongozi wa safari