Hotuba ya Mwalimu Mkuu katika Ufunguzi wa Siku ya Michezo ya Shule

Ndugu Afisa Elimu Kata, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wanafunzi wetu mnaonisikiliza mkiwa mmesimama juani: itifaki yote imezingatiwa, na ninawasalimu nyote habari za asubuhi.

Nianze kwa kuwashukuru wazazi. Hiki ni kipindi cha mavuno, na kila saa mtakayokaa hapa ni saa ambayo shamba linawasubiri. Wapo pia waliokuja juzi na mafyekeo yao kusafisha uwanja huu, na chokaa ilipotuishia katikati ya kazi, mama mmoja akaleta debe la majivu kutoka jikoni kwake. Ndiyo maana njia za mbio upande huu ni nyeupe na upande ule ni za kijivu. Namshukuru pia Afisa Elimu Kata, ambaye ameniachia mimi heshima ya kufungua, naye atafunga jioni na kugawa zawadi.

Ndugu mgeni rasmi, mwaka jana tulifanya siku kama hii, na kwa kuitazama kwa mbali ilifana. Palikuwa na ngoma, wageni, vikombe na vigelegele. Nilipokaa baadaye na Mwalimu wa Michezo tukapitia orodha zetu, tuligundua kwamba kati ya wanafunzi 612 wa shule hii, waliogusa uwanja siku ile walikuwa 140 tu. Waliobaki walikaa chini ya ule mkuyu kuanzia asubuhi hadi saa tisa, wakiwapigia makofi wenzao walewale ambao hushangiliwa kila mwaka. Tulikuwa tumewaita watoto 472 kuja kutazama michezo, kisha tukaiita siku hiyo siku yao.

Lipo jambo jingine la siku ile ambalo sikulipenda. Katika mbio za mita 400, mtoto mmoja wa Darasa la Nne alibaki nyuma sana, na uwanja ukaanza kucheka. Walicheka wanafunzi, na walicheka watu wazima pia. Mtoto yule aliacha mbio akiwa amebakiza kama mita 60, akatoka uwanjani kwa kupitia ua wa nyuma, na hakuja shuleni kwa siku mbili. Sitamtaja, na ninawaomba msigeuke kumtafuta. Nalisema hili kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti kama nilivyokishika sasa, na sikusema neno lolote.

Kwa hiyo mwaka huu tumebadilisha utaratibu. Kila mwanafunzi, kuanzia Darasa la Kwanza hadi la Saba, ameandikishwa katika mchezo mmoja au zaidi aliouchagua mwenyewe. Wapo watakaokimbia, watakaoruka juu na kuruka chini, watakaorusha tufe, watakaovuta kamba, watakaocheza rede, watakaokimbia na magunia, watakaojaza maji kwenye chupa na watakaobeba yai kwenye kijiko. Mwalimu wa Michezo ameandika majina hayo kwa mkono kwa muda wa wiki tatu, na kama mtaona leo macho yake ni mekundu, sababu mmeijua.

Tumebadilisha pia namna ya kuhesabu pointi. Kila mwanafunzi atakayemaliza mchezo wake ataipatia nyumba yake pointi 2, iwe ni Hanang, Kwaraa, Meru au Kilimanjaro. Mshindi wa kwanza ataongezewa pointi 3, wa pili 2, na wa tatu 1. Darasa la Saba, hebu fanyeni hesabu hii kichwani: katika mbio za watu wanane, wote wakimaliza, pointi 16 zinatokana na kumaliza, na pointi 6 tu zinatokana na nafasi. Nyumba yenye mkimbiaji hodari mmoja na wavivu wengi haitachukua kikombe mwaka huu.

Utaratibu huu ulipojadiliwa katika kikao cha kamati, mzazi mmoja alisimama akasema kwamba tunawadekeza watoto, na kwamba maisha yenyewe hayampi mtu pointi kwa kufika tu. Nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu, kwa sababu lina uzito, na ningependa kulijibu mbele yenu nyote.

Hatukusema kwamba ushindi hauna thamani. Watoto si wajinga; ukimwambia mtoto wa miaka saba kwamba wote wameshinda, atakutazama na kujua kwamba unamdanganya, kwa maana alimwona kwa macho yake aliyetangulia. Atakayekuwa wa kwanza leo atatajwa kuwa wa kwanza, atasimama mahali pa wa kwanza na kupokea zawadi yake. Tena wenye vipaji tunawahitaji, kwa kuwa timu yetu ya UMITASHUMTA itachaguliwa kutoka miongoni mwao. Tunachokataa ni kwamba wengine wote wawe mapambo ya ushindi wa mtu mmoja. Hata methali yetu ya asiyekubali kushindwa si mshindani, nimeona kwamba tunaitumia vibaya: tunawaambia walioshindwa ili wanyamaze, ilhali methali hiyo inamwita mshindani yule aliyekubali kuingia uwanjani akijua kwamba anaweza kushindwa.

Mkoa wetu huu wa Manyara una mtu ambaye historia yake inatufaa leo kuliko maneno yangu. Ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika Jiji la Mexico, jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na misuli hukaza upesi. Wanariadha 75 walianza mbio zile. Njiani Akhwari aligongana na wenzake wakati wakigombea nafasi, akaanguka, goti lake likateguka na bega likaumia. Alifungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Aliingia uwanjani baada ya saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, wakati jua limekwisha kuzama na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa 57, na wa 57 ndiye aliyekuwa wa mwisho kumaliza. Wengine 18 hawakumaliza kabisa.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ilimpeleka ili azimalize. Jibu hilo mmelisikia mara nyingi. Mimi ninataka muone jambo ambalo husemwa mara chache zaidi, nalo ni kwamba Akhwari hakuwa mkimbiaji dhaifu aliyepata sifa kwa kuonewa huruma. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni. Yaani alirudi nyumbani akiwa wa mwisho, goti likapona, akaendelea kufanya mazoezi katika milima hii tunayoiona kila asubuhi. Kama angekuwa amefundishwa kwamba wa mwisho hana haki ya kuonekana uwanjani, asingerudi tena.

Niongeze mfano mmoja wa karibuni. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa jirani wa Singida, aliipatia Tanzania medali ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42 na zaidi, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha itazamwe ili ijulikane nani ametangulia. Tofauti yao ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, lakini nani kati yetu anaweza kusema kwamba yule wa pili alifanya kazi ndogo? Na Simbu asingekimbia kwa kasi ile mwishoni kama asingekuwa na mtu wa kumkimbiza. Anayeshinda leo ashukuru kwamba wapo waliokubali kukimbia naye, kwa sababu mtu akikimbia peke yake hakuna anayejua kama ana mbio.

Wanafunzi wangu, mnaombwa mambo machache. Ukianguka, inuka kama hujaumia. Kama umeumia, kaa hapohapo na unyooshe mkono, mwalimu wa huduma ya kwanza atakuja. Mwenye pumu au anayesikia kifua kinabana amweleze mwalimu wa darasa lake kabla ya mbio. Mbio za mita 100 za Darasa la Kwanza hadi la Nne zitakimbiwa peku na watoto wote, kwa sababu si haki raba alizonunuliwa mtoto mmoja zimkimbilie mwenzake. Viranja wamekagua njia hizo tangu saa kumi na mbili asubuhi na wameokota miiba na vipande vyote vya chupa.

Wenzenu watatu wasioona vizuri watakimbia mita 100, kila mmoja akiwa na kiongozi aliyeshikana naye kwa kamba fupi. Viongozi, kumbukeni mlichofundishwa: kiongozi haruhusiwi kumtangulia mkimbiaji wake kwenye mstari wa mwisho.

Wazazi, tafadhali bakini nyuma ya kamba, na uamuzi wa mwamuzi uheshimiwe hata kama aliyepitwa ni mwanao. Shangilieni kwa nguvu zote. Nina ombi moja ambalo ningependa lichukuliwe kama amri: hakuna atakayeketi wala kuacha kupiga makofi hadi mtoto wa mwisho katika kila mbio avuke mstari. Kipaza sauti nitakishika mimi mwenyewe, na safari hii sitanyamaza.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba Siku ya Michezo ya shule yetu imefunguliwa rasmi. Mwalimu wa zamu, naomba upige kengele. Darasa la Kwanza, vueni viatu, mwende kwenye mstari wa kuanzia.