Kikosi cha kesho: nani anaanza, nani anakaa benchi na kwa nini

Haya sogeeni huku kwenye mwembe, kaeni chini, wenye malengelenge vueni viatu miguu ipumue. Simu weka pembeni. Wewe wa Gungu hiyo simu naiona. Mwakeye? Mwakeye. Haya.

Kawaida kikosi nakisoma siku ya mechi chumba cha kubadilishia, dakika arobaini kabla, nikishasoma hakuna swali, mnavaa mnatoka. Leo nimeamua tofauti. Kuna maneno yanazunguka tangu Jumatano, nimeyasikia kwa watu ambao hata mpira hawachezi, muuza maji pale stendi ya Mwanga ananiambia mwalimu nasikia namba tisa wako humpangi. Sasa kama muuza maji anajua kikosi changu kabla ya wachezaji wangu kuna tatizo, nikaona bora niwaambie mimi mwenyewe, jina la kila nafasi na sababu yake, mkalale mnajua.

Kwanza hawa jamaa wa Kasulu. Tumecheza nao mara mbili msimu huu, hapa kwetu sare ya moja moja, kule kwao tukafungwa mbili bila. Magoli yote matatu waliyotufunga, nimeyaandika kwenye hili daftari, mawili yametokea upande wetu wa kulia, yule namba kumi na moja wao anakimbia nyuma ya beki anamimina krosi, na moja ni kona. Yaani hawana siri. Katikati wanajaza watu watatu, sisi na hii fo fo tuu yetu tunakuwa wawili, kila mpira unaodondoka ni wao. Mara zote mbili tulikimbia sana tukarudi nyumbani tumechoka na hatujui tumechoshwa na nini. Tulichoshwa na hesabu, watatu kwa wawili. Kwa hiyo kesho hatuchezi fo fo tuu, tunajaza viungo watatu na mbele anabaki straika mmoja, na hapo ndipo matatizo yote ya majina yanapoanzia.

Kipa. Najua mnasubiri hapa. Anaanza mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, sijawahi kuficha, hata mama yake akija uwanjani anakaa nyuma ya benchi langu anapiga kelele kuliko wote. Ndiyo maana kipa sikumchagua mimi. Nilimwambia msaidizi wangu pamoja na anayewafundisha makipa, chagueni nyie, mimi nikaenda kununua maji, niliporudi wakanipa jina. Nikawauliza sababu wakaniambia, huyu mwingine kwenye mstari ni hodari zaidi, penati ameshika mbili msimu huu na sote tuliona, ila mpira wa juu ukija anaganda golini, na hawa jamaa wanaishi kwa krosi na kona. Mpwa wangu anatoka. Anatoka vibaya wakati mwingine, juzi mazoezini kampiga ngumi namba tano wa watu badala ya mpira, lakini anatoka. Basi. Na mechi ikifika penati, wewe wa kwenye mstari ujiandae, nafasi moja ya sab naitunza kwa ajili yako mpaka mwisho, sitanii.

Beki mbili. Kaka, wewe unajua nakukubali ukipanda, krosi zako zimetupa magoli, lakini ukipanda hurudi, na nyuma yako ndipo anapokaa yule kumi na moja anakusubiri kama mtu anasubiri hiace. Kesho mbili anacheza nne wetu wa siku zote, ana kasi na hana hamu ya kupanda, nataka abaki pale amkere yule kijana mpaka achukie mpira. Nne anaingia mrefu wa Ujiji na tano ni yule yule. Tatu sijabadilisha, huko hakuna shida, sina la kusema.

Sita wetu yuko nje, kadi tatu za njano, halijadiliwi hilo, na ya tatu umeipata kwa kubishana na lainzimeni mpira wa kurusha, MPIRA WA KURUSHA jamani, tena katikati ya uwanja. Nafasi yake anaanza dogo wa kidato cha nne. Kuna walioguna nimesikia. Dogo wiki hii amekosa mazoezi siku mbili, ni kweli, mkaanza kusema mbona sisi tukikosa tunakatwa. Dogo alikuja nyumbani kwangu kabla, na baba yake, akaniambia mwalimu mitihani imekaribia naomba Jumanne na Alhamisi nisome. Aliomba! Kwenye daftari kuna alama mbili tofauti, ruhusa ni duara, kutoroka ni mkato, nyie wengine mna mikato ukurasa mzima alafu mnakuja na hadithi ya pancha. Pancha kila Alhamisi? Na zaidi ya yote dogo anaangalia nyuma kabla hajapokea pasi, kitu ambacho wakubwa zake wanne humu nimewafundisha miaka miwili hamjashika.

Nane ni kapteni, kumi ni yule fundi wetu wa Mwandiga, ila fundi kesho unakaba, usiponielewa dakika ishirini za mwanzo nakutoa dakika ya ishirini na moja na usininunie.

Haya sasa tisa.

Tisa wetu ana magoli sita kwenye mechi tisa, hakuna humu mwenye magoli hata nusu yake, na kesho anakaa benchi. Tulieni. Nimeongea naye jana usiku peke yetu, amekasirika, ana haki ya kukasirika, angefurahi ningemwogopa. Angalieni magoli yake, matano kati ya sita amefunga tukiwa na straika wawili, mwenzake anagombania mpira wa juu yeye anaokota wa pili. Kesho mbele ni mtu mmoja na kazi yake kwa saa nzima ya kwanza haitakuwa kufunga, atakuwa anapokea na mgongo, anapigwa viwiko, anasubiri wenzake wapande, akipoteza anakimbia kumkaba beki. Hiyo kazi ni ya huyu mwingine, ana goli moja tu msimu mzima, najua mnamcheka, lakini hakuna beki aliyewahi kumfurahia. Yule namba nne wa Kasulu ni mzito. Mechi zote mbili nimemwangalia, ikifika dakika ya sitini anaanza kushika magoti, ndipo namuingiza tisa na miguu mipya na tunarudi straika wawili. Sasa niambieni, mpishi mzuri anatia chumvi lini, maji yakiwa bado ya baridi?

Mwaka 1990 nilikuwa mdogo tunasikiliza redio kwa jirani, Kombe la Dunia Italia, kuna mzee wa Kameruni anaitwa Roger Milla, miaka 38, alifunga magoli manne na yote manne aliingia kutoka benchi. Mpaka leo watu wanamkumbuka yeye, waliomuanzia wangapi mnawajua?

Saba. Wa Kibirizi. Wewe ndiye winga bora niliye naye, nasema mbele ya wote. Ila wiki hii ni giza, mwezi haupo, na giza ni dagaa, umekwenda ziwani usiku nne mfululizo, unatoka na taa alfajiri unapitia mwaloni alafu saa kumi unakuja huku unajifanya mzima. Mimi sikukatazi, dagaa ndio ada ya wadogo zako naelewa. Lakini Alhamisi tulipokimbia zile mita thelathini mara kumi, ya kwanza ulikuwa wa kwanza, ya saba ukawa wa mwisho, na nilikuwa na saa mkononi. Ingekuwa mbalamwezi ungeanza. Kesho unaingia kipindi cha pili, nusu saa, nataka zile mbio za ya kwanza mpaka ya sita tu. Anaanza mwenzako wa Katubuka, hana chenga zako ila amelala. Kumi na moja ni yule yule.

Sab. Tunaruhusiwa kubadilisha watano lakini mchezo tunasimamisha mara tatu tu, ukitoa mapumziko. Wengi mnasahau hiyo ya mara tatu. Ndiyo maana mtaniona naingiza wawili kwa pamoja, sio kwamba nimechanganyikiwa, nikimaliza nafasi zote mapema alafu mtu akaumia dakika ya themanini tunabaki kumi. Mpango wangu, na mpango huwa unavurugika, ni tisa na saba waingie pamoja karibu na dakika ya sitini, halafu mmoja katikati kulingana na dogo anavyopumua, na ile moja ya kipa nimeshasema. Mliopo benchi msikae mnapiga stori na mashabiki, kila mmoja amtazame mtu wa nafasi yake, ukiingia nitakuuliza anageukia mguu gani, ukisema sijui unarudi kukaa.

Tuko ishirini na watatu, karatasi inachukua kumi na nane. Watano mliobaki nje nimeongea na kila mmoja kabla ya kikao hiki, mmoja wenu bado hajanisamehe naona anachora chini na kijiti. Posho ni ileile ya wenzenu na ugali na migebuka baada ya mechi ni wa wote, hakuna sahani ya kikosi cha kwanza hapa.

Na hili niliseme maana mtalisikia tu. Kuna mzee mmoja ametusaidia jezi, tunamshukuru, juzi kanipigia anauliza kijana wake anaanza nafasi gani. Nikamwambia mzee, shikamoo, kijana wako anaanza siku akinizuia nisiwe na cha kuandika upande wa makosa. Kimya kidogo, akacheka, akakata. Kama jezi zitarudishwa tutavaa zile za zamani zenye mabaka, tulishinda nazo mechi nyingi.

Nimekosea? Inawezekana. Kule kwao Kasulu nilimpanga kapteni anaumwa goti kwa sababu niliogopa kelele zenu, tukafungwa, hilo kosa ni langu nimeliandika pia humu, ukurasa wangu ninao.

Kesho saa nane kamili uwanjani, leseni zote kwa meneja leo hii kabla hamjaondoka, soksi nyeusi sio bluu, refa wa mara ya mwisho alitusumbua kwa ajili ya soksi za watu wawili. Maswali niulizeni sasa hapa, sio usiku kwenye grupu.

Hamna? Tisa, una swali? ... Hapana, dakika ya hamsini na tano mapema mno, nimesema sitini. Sawa, tutaona.

Wa Kibirizi, mwambie tajiri wako wa mtumbwi leo huendi ziwani, akikataa nipe namba yake nimpigie mimi. Nenda kalale.